Ruti mosheni au animesheni ya palepale: nani anasukuma kapsuli kwenye Unreal Engine 5

Wadau, kuna bagi moja inasumbua karibu kila mtu anayeanza kutengeneza gemu la mtu wa tatu. Mhusika anapiga pigo la kuruka mbele, mwili unaenda vizuri kabisa, upanga unapita, afu animesheni ikiisha tu mhusika anarudi nyuma ghafla mpaka pale alipoanzia. Akiwa karibu na ukuta ndo balaa zaidi, kichwa na mabega vinatokea upande wa pili. Watu wanaanza kuhangaika na setingi za mgongano za meshi wakati shida haiko huko hata kidogo.

Nitaieleza kwa Unreal Engine 5 kwa sababu ndo naijua vizuri na `Character` yake ina kila kitu tunachohitaji. Tuchukue pigo hilohilo la kuruka mbele tulifuate mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza elewa nini hasa kinagonga ukuta

Fungua Blueprint ya mhusika wako uangalie orodha ya komponenti. Juu kabisa kuna `CapsuleComponent`, chini yake ndo kuna meshi. Mhusika akitembea, `CharacterMovement` inachukua ile kapsuli tu na kuisukuma hatua kwa hatua kila fremu, na kila hatua inauliza njiani kuna kitu? Kikiwepo inasimama au inateleza pembeni ya kile kitu. Meshi haiulizwi chochote, meshi ni abiria, inabebwa tu na kapsuli inakoenda. Kwenye templeti ya mtu wa tatu kapsuli ina nusu kipenyo sm 42 na nusu urefu sm 96, yani dude la urefu wa sm 192, na hilo ndo mwili halisi wa mhusika wako machoni pa enjini.

Sasa animesheni ya pigo letu inasogeza mwili sm 180 mbele. Swali la maana ni moja tu, hizo sm 180 zimeandikwa kwenye mfupa gani?

Zikiwa kwenye nyonga, enjini inaona ni mkao tu kama mkono kuinuliwa, kwa hiyo meshi inatoka nje ya kapsuli na kapsuli inabaki palepale. Hapo ndo ukuta unapenywa, na mwishoni unaona ule mrudio wa ghafla kwa sababu meshi inarudi kwa mwenye nyumba wake. Zikiwa kwenye mfupa wa ruti, ule wa juu kabisa kwenye mifupa, unaokaa sakafuni katikati ya miguu, enjini inaweza kuzitoa kwenye animesheni na kumpa kapsuli azitembee yeye. Hiyo ndo ruti mosheni. Na zikiwa hazipo popote, mhusika anachezesha miguu na mikono bila kutoka alipo, hiyo ni animesheni ya palepale, na kusogea ni kazi ya kodi yako.

Hatua ya 1: kagua faili lako kabla ya kugusa setingi yoyote

Fungua `Animation Sequence` yako, kwenye menyu ya `Character` washa kuonyesha mifupa yote, afu buruta fremu taratibu. Angalia mfupa wa ruti chini sakafuni. Ukisafiri pamoja na mwili, uko sawa. Ukibaki katikati ya gridi huku nyonga inaenda mbele, faili lako lina mwendo lakini umekaa mahali pabaya, na hakuna kisanduku cha kutiki kitakachokuokoa hapo.

Hii inawapata sana wanaochukua animesheni Mixamo, kwa sababu mifupa ya Mixamo haina mfupa wa ruti sakafuni kabisa, mfupa wa juu ni `mixamorig:Hips`. Ukiiingiza hivyohivyo afu ukawasha ruti mosheni, enjini inachukua nyonga kuwa ndo ruti, na nyonga inapanda na kushuka na kuzunguka kila hatua, hivyo mwili unakakamaa vibaya na kapsuli inapokea mitikisiko ambayo hukuitaka. Dawa ni kuingia Blender, ongeza mfupa mpya uuite `root` kwenye sifuri, uufanye mzazi wa nyonga, afu hamisha mwendo wa mbele na pembeni kutoka nyonga kwenda `root`. Kupanda na kushuka kuache kwenye nyonga. Usihamishe kila kitu, mwili ukijikunja kabla ya kuruka ule ushukaji ni wa mwili, sio wa kapsuli.

Kama hutaki ruti mosheni kwenye kipande fulani, Mixamo kwenyewe kuna kisanduku cha `In Place` kwa animesheni nyingi za kutembea na kukimbia, kitiki kabla ya kupakua umemaliza.

Hatua ya 2: mwendo wa kawaida ufanye palepale

Msimamo wangu hapa hauyumbi: kutembea, kukimbia, kusimama, kugeuka huku unakimbia, vyote viwe palepale kama gemu lako linahitaji mchezaji ajisikie ana udhibiti. Sababu ni kwamba mchezaji akisukuma stiki kapsuli inaitika fremu hiyohiyo, haisubiri animesheni iamue. Ukitumia ruti mosheni kwa kukimbia, mhusika anaongeza kasi kwa namna muigizaji alivyoongeza siku ile ya kurekodi, anasimama kwa namna alivyosimama yeye, na mchezaji anahisi uzito ambao hakuuomba. Kuna gemu zinataka uzito huo na zinapendeza, ila ujue unauchagua.

Gharama ya palepale ni miguu kuteleza. Kapsuli inaenda kwa kasi yake, miguu inapiga kwa kasi yake, zisipolingana mhusika anaonekana yuko kwenye barafu. Watu wengi wanakisia namba mpaka wanachoka, wakati unaweza kuipima. Chukua kipande cha kukimbia, tafuta fremu mguu unapogusa chini na fremu unapoanza kuinuka, na kwenye animesheni ya palepale utaona mguu uliogusa chini unarudi nyuma. Tuseme umerudi sm 100 ndani ya sekunde 0.25, basi kasi asilia ya kipande hicho ni sm 400 kwa sekunde.

Templeti imeweka `Max Walk Speed` 500. Kwa hiyo una njia mbili, ushushe kapsuli iende 400, au uharakishe animesheni:

```
Play Rate = kasi ya kapsuli / kasi asilia ya kipande
          = 500 / 400 = 1.25
```

1.25 kwa jicho langu tayari ni nyingi, mtu anaanza kuonekana kama filamu imeharakishwa, ningeshusha kapsuli kidogo nikakutana katikati. Na kwenye `Blend Space` yako, kile kipande cha kukimbia kiweke kwenye alama ya 400 ya mhimili wa kasi, sio kwenye 500 au 600 eti kwa sababu ndo mwisho wa mhimili. Cha kutembea hivyohivyo, kipime ukiweke kwenye kasi yake halisi. Ukifanya hilo tu, sehemu kubwa ya kuteleza inapotea bila kugusa mambo ya IK.

Kitu kimoja cha kuangalia: ikiwa kipande cha kukimbia kina mwendo kwenye ruti na wewe unakitumia kama cha palepale, utaona mhusika anatangulia mbele ya kapsuli afu anarudi kila mzunguko ukianza upya, kama anavutwa na mpira. Fungua kipande hicho, kwenye `Asset Details` tiki `Force Root Lock`, ruti itafungwa pale pale na mwendo utaachwa. Usisahau vipande vya kutembea kinyumenyume na pembeni, kila kimoja kina kisanduku chake.

Hatua ya 3: pigo letu lifanye ruti mosheni

Sasa pigo. Hapa hali ni kinyume, mchezaji ameshabonyeza kitufe na amekubali kwamba kwa karibu sekunde moja mhusika atafanya jambo moja tu. Mwili unajikunja sekunde 0.2 za kwanza bila kusogea, afu kuanzia 0.2 mpaka 0.5 unachomoka sm 180, yani wastani wa sm 600 kwa sekunde, afu unatulia. Kuiga mchomoko huo kwa kodi na kipande cha palepale inawezekana ila utakaa unalinganisha mkunjo wa kasi na miguu mpaka ukome, na mtengeneza animesheni akibadilisha fremu tatu tu unaanza upya.

Fungua kipande cha pigo utiki `EnableRootMotion`. Ukikicheza hapo hapo ndani ya dirisha ukaona mwili haukimbii tena, unabaki kwenye asili, ni sahihi, mwendo umeshatolewa unasubiri kapsuli. Tengeneza `Anim Montage` kutoka kwenye kipande hicho. Afu ingia kwenye `Class Defaults` ya Anim Blueprint, tafuta `Root Motion Mode`, acha iwe `Root Motion from Montages Only`. Maana yake montaji peke yake ndo zina ruhusa ya kusukuma kapsuli, mwendo wa kawaida unaendelea na `CharacterMovement`. Kuna chaguo la `Root Motion from Everything` ambalo linafanya hata vipande vya kutembea viendeshe kapsuli, usiliguse kama umefuata hatua ya 2.

Cheza montaji kwa `Play Montage`, andika `show Collision` kwenye konsoli uone kapsuli, na `slomo 0.2` ili uone kinachotokea. Kapsuli na mwili vinaenda pamoja, mwisho wa pigo mhusika yuko sm 180 mbele na hakuna kurudi.

Montaji ikiwa inacheza kuna mambo mawili yanabadilika ambayo watu wanadhani ni bagi. Stiki haisogezi mhusika tena, kwa sababu kasi ya kapsuli sasa inatoka kwenye animesheni. Na `Orient Rotation to Movement` nayo inalala, mhusika hageuki hata ukisukuma stiki. Ukitaka mchezaji aweze kulenga kidogo wakati wa pigo, kwenye `CharacterMovement` kuna `Allow Physics Rotation During Anim Root Motion`, itiki, ila jaribu kwanza, maana mhusika akigeuka katikati ya mchomoko njia inapinda naye.

Hatua ya 4: weka ukuta, sasa ndo uone tofauti

Weka ukuta sm 100 kutoka katikati ya kapsuli. Hesabu ni rahisi, nusu kipenyo ni 42 kwa hiyo kapsuli ina nafasi ya sm 58 tu. Kwa lile faili la zamani lenye mwendo kwenye nyonga, kapsuli haikusogea na mwili ulienda sm 80 kuvuka ukuta. Kwa ruti mosheni kapsuli inaenda 58 inasimama, sm 122 zilizobaki zinapotea hazidaiwi tena, na mwili unamalizia pigo ukiwa umesimama kwenye ukuta. Miguu itateleza pale chini kwa sababu animesheni haijui imezuiwa. Na ukuta ukiwa wa mshazari kapsuli itateleza kuufuata, kwa hiyo mhusika anapiga mbele huku mwili unaenda pembeni.

Upanga na mikono bado vinaweza kuingia ukutani. Hilo ruti mosheni halitibu, kwa sababu inahamisha kapsuli tu, mkono mrefu kuliko sm 42 utapita. Kama inakukera, montaji ikatishwe kapsuli ikizuiwa uchezeshe ya kugonga ukuta.

Ila hapa kuna mtego. Mtu anaangalia `Velocity` akitarajia itashuka kuwa sifuri kapsuli ikizuiwa. Kwenye mwendo wa kawaida inashuka kweli, enjini inairekebisha ifanane na umbali uliotembewa. Ruti mosheni ikiwa inaendesha, marekebisho hayo yanarukwa, `Velocity` inaendelea kusema 600 wakati mhusika amebanwa. Pima mahali, sio kasi iliyoandikwa:

```cpp
const FVector Sasa = GetActorLocation();
const float KasiHalisi = (Sasa - PaliAwali).Size2D() / DeltaSeconds;
PaliAwali = Sasa;
```

`KasiHalisi` ikiwa chini sana huku `GetVelocity().Size2D()` iko juu, umebanwa. Na kwa sababu hiyohiyo, Anim Blueprint inayosoma `Velocity` inaweza kudhani mhusika anakimbia, montaji ikiisha ghafla unaona hatua moja mbili za kukimbia mbele ya ukuta. Hakikisha fremu za mwisho za pigo zina ruti iliyosimama kabisa, hiyo inasaidia pia kuzuia kule kuteleza kwa mhusika baada ya pigo pale ambapo hakuna ukuta.

Hatua ya 5: adui sio ukuta

Adui naye ana kapsuli ya 42, kwa hiyo kati kwa kati hamuwezi kukaribiana chini ya sm 84. Akiwa sm 300 mbali, pigo lako linakufikisha sm 120 kutoka kwake, tuseme ndo umbali upanga ulivyochorewa, safi. Akiwa sm 150, unaenda 66 unagonga kapsuli yake, mnakuwa pua kwa pua na upanga unapita nyuma ya mgongo wake. Akiwa sm 400 unapiga hewa.

Usijaribu kutengeneza animesheni tatu. Washa plagini ya `Motion Warping`, ongeza komponenti yake kwa mhusika, na kwenye montaji weka notifai ya `Motion Warping` kuanzia 0.2 mpaka 0.5, pale mwendo ulipo tu, ikiwa na `Skew Warp`, `Warp Rotation` ikiwa haina tiki, na jina la shabaha, mfano `Pigo`. Kabla ya kucheza montaji piga hesabu ya pointi iliyo sm 120 mbele ya adui upande wako, uipeleke kwa `Add or Update Warp Target from Location` na jina hilohilo. Sasa akiwa 150 ruti inabanwa iende 30, akiwa 400 inavutwa iende 280. Weka kikomo mwenyewe, kwangu mimi zaidi ya mara moja na nusu ya umbali wa asili mwili unaonekana unaruka kwa kamba, yani kwa pigo hili mwendo wa ruti nisingeuvusha sm 270, adui anayehitaji mwendo zaidi ya huo nacheza pigo la kawaida bila shabaha. Mwendo huo bado unapita kwenye kapsuli, kwa hiyo kikiwepo kiti katikati utasimama kwenye kiti.

Kubingiria na kupanda: ruti mosheni haitoshi

Watu wanawasha ruti mosheni kwenye kubingiria wakitegemea mhusika atapita chini ya meza, anagonga. Kapsuli imehamishwa lakini haijapungua, bado ni sm 192 wima huku mwili umejikunja kama mpira. Weka notifai mwanzoni mwa mbingirio iite `Crouch`, mwishoni `UnCrouch`, na utiki `Can Crouch` kwenye `CharacterMovement` la sivyo haitafanya kitu. Nusu urefu wa kujikunja kwa kawaida ni 40 lakini haiwezi kuwa ndogo kuliko nusu kipenyo, kwa hiyo kwetu inakuwa 42, tufe la sm 84. Uzuri wa `UnCrouch` ni kwamba inaangalia juu kwanza, kama bado uko chini ya meza inakataa kunyoosha kapsuli. Ila Anim Blueprint yako iwe na mkao wa kuchuchumaa tayari, maana mhusika atabaki hivyo.

Kupanda ukuta wa sm 100 kuna shida nyingine. Kwenye hali ya kutembea na ya kuanguka, mwendo wa juu wa ruti unatupwa, kutembea inafuata sakafu na kuanguka inaachia mvutano. Mhusika anapanda hewani kwa mkao lakini kapsuli iko chini inasukuma ukuta. Kabla ya montaji weka `Set Movement Mode` kuwa `Flying`, ikiisha au ikikatizwa irudishe `Walking`, na hiyo ya kukatizwa usiisahau maana mhusika atabaki anaelea. Afu angalia njia ya ruti kwenye faili: ipande kwanza mpaka chini ya kapsuli ivuke ukingo, ndo iende mbele. Ikienda mshazari moja kwa moja, kapsuli inakwama kwenye kona ya ukuta na mwili unamalizia kupanda mahali hapakupandwa.

Na kama gemu ni la wachezaji wengi kupitia seva, huu mpangilio wa montaji tu ndo unaokufaa, kwa sababu `CharacterMovement` inajua kupeleka ruti mosheni ya montaji kati ya mashine na seva na kuirekebisha zikitofautiana, wakati ya vipande vya kawaida kwenye `State Machine` ya Anim Blueprint haina ulinganifu huo. Jaribu na `Net Mode` ya `Play As Client`, wachezaji wawili, piga pigo karibu na ukuta huku mwenzako anatazama, na uangalie kapsuli inaishia sehemu moja kwenye madirisha yote mawili.